Kukagua Jibu la Elektrolisisi: Mfano wa Salfeti ya Shaba

Jibu la swali la elektrolisisi huwa na sehemu tatu zinazotegemeana: ioni iliyopoteza chaji kwenye kathodi, ioni iliyopoteza chaji kwenye anodi, na kilichobaki ndani ya mmumunyo. Wakaguzi wengi huishia kwenye sehemu mbili za kwanza, na ndipo jibu lenye kosa linapopita, kwa kuwa kosa la kwenye elektrodi mara nyingi hugundulika pale mmumunyo unapohesabiwa. Salfeti ya shaba, ule mmumunyo wa buluu unaopatikana katika karibu kila maabara ya shule, inalionyesha jambo hili vizuri ikipitishiwa umeme kwa vijiti viwili vya kaboni.

Ukaguzi huanza kwa kuziorodhesha ioni zote zilizomo. Salfeti ya shaba huleta Cu²⁺ na SO₄²⁻. Maji nayo huleta H⁺ na OH⁻, ingawa kwa kiasi kidogo sana. Jibu lililozitaja ioni mbili za chumvi tu limekwisha kupotea hata kabla swichi haijawashwa, kwa sababu mmojawapo wa washiriki wakuu hapa anatoka kwenye maji.

Ioni chanya huelekea kathodi, yaani elektrodi iliyounganishwa na ncha hasi ya betri. Shaba iko chini ya haidrojeni katika orodha ya metali zinavyopangwa kwa wepesi wa kutenda kikemia, na ioni ya kitu kisichopenda kutenda ndiyo inayopokea elektroni kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo shaba hutangulia:

Cu²⁺ + 2e⁻ → Cu

Kijiti cha kaboni hupakwa utando wa rangi ya shaba, na mapovu hayaonekani. Mwanafunzi aliyeandika kuwa haidrojeni imetoka hapa amekosea, isipokuwa kama umeme uliachwa upite mpaka shaba ikaribie kwisha mmumunyoni. Hapo mapovu huanza kweli, lakini hilo ni swali jingine. Umeme ukiwa mkali mno, shaba hutua haraka kama unga mweusi au wa kahawia usioshika vizuri. Unga huo bado ni shaba, na rangi yake isimdanganye mtu akadhani kimetokea kitu kipya.

Kwenye anodi ndiko majibu mengi yanakoharibika. Ioni hasi ni SO₄²⁻ na OH⁻, na kwa kuwa salfeti imejaa tele, mtu huvutwa kuichagua, kisha akalazimika kubuni gesi itakayotoka kwayo. Wengine huandika dioksidi ya salfa. Lakini salfeti haipotezi chaji hapa. Ndani yake salfa imekwisha kufika ukomo wa kutoa elektroni, na kuilazimisha kutenda kunahitaji nguvu kubwa kuliko ile inayotosha kuyavunja maji. Inayotoa elektroni ni haidroksidi:

4OH⁻ → 2H₂O + O₂ + 4e⁻

Haidroksidi ni chache, ila maji huzizalisha nyingine kadiri zinavyoondoka. Ndiyo maana vitabu vingine huandika kuwa ni maji yenyewe yanayotoa oksijeni na kuacha H⁺. Hizo ni njia mbili za kueleza jambo moja, na zote zina alama sawa.

Sasa pande mbili zioanishwe. Elektroni zinazoondoka kwenye anodi ndizo zinazofika kathodi, hazipungui wala haziongezeki njiani. Mlinganyo wa anodi una elektroni nne na wa kathodi una mbili, basi wa kathodi uzidishwe mara mbili: kila molekuli moja ya oksijeni inapotoka, atomu mbili za shaba hutua. Mkaguzi akiona jibu linalosema moja kwa moja, ajue elektroni hazikuhesabiwa.

Tuseme umeme wa ampea 0.5 umepita kwa sekunde 1,930. Ampea mara sekunde hutoa kulombi 965. Moli moja ya elektroni hubeba kulombi zipatazo 96,500, kwa hiyo zimepita moli 0.01. Shaba hutumia elektroni mbili kwa kila atomu, hivyo imetua moli 0.005, sawa na gramu 0.32 hivi. Oksijeni hutoa elektroni nne kwa kila molekuli, hivyo zimetoka moli 0.0025, ambazo katika joto la chumba hujaza kama sentimita za ujazo 60.

Inabaki hesabu ya mmumunyo wenyewe. Zimeondoka moli 0.005 za Cu²⁺, na kila ioni ilikuwa na chaji mbili, kwa hiyo chaji chanya zilizoondoka ni moli 0.01. Kule anodi zimebaki H⁺ moli 0.01. Zimelingana sawasawa, na salfeti haikuguswa. Kilichokuwa salfeti ya shaba kinageuka polepole kuwa asidi ya salfuriki, na buluu inafifia. Sasa jibu la dioksidi ya salfa lipitishwe kwenye hesabu hii hii: salfeti ingekuwa inapungua, na asidi hiyo isingekuwa na mahali pa kutoka.

Kuna tahadhari kuhusu litmasi. Mmumunyo wa salfeti ya shaba una uasidi kidogo tangu mwanzo, kwa hiyo karatasi ya buluu huweza kugeuka nyekundu kabla hata ya betri kuunganishwa. Ushahidi unaofaa ni kupima pH kabla na baada, na kuona imeshuka. Gesi nayo ina hila yake. Sehemu ya oksijeni huunguza kaboni ya anodi na kutoa dioksidi ya kaboni, hivyo gesi inayokusanywa huweza kupungua, na kijiti chenye kaa kikasita kuwaka. Matokeo hafifu ya maabara hayatoshi kulifuta jibu sahihi.

Kabla ya kutoa alama, mkaguzi arudi kwenye swali na kusoma elektrodi zimetengenezwa kwa nini. Zikiwa za shaba, anodi hubadilika kabisa. Haidroksidi haipati nafasi, kwa kuwa shaba ya kijiti chenyewe hutoa elektroni kwa wepesi zaidi na kuingia mmumunyoni kama Cu²⁺. Hakuna oksijeni, buluu haififii, pH haishuki. Kwa umeme ule ule wa kulombi 965, anodi hupungua gramu 0.32 na kathodi huongezeka gramu 0.32. Mwanafunzi aliyeandika oksijeni hapa huenda anaijua kemia yake vizuri, ila amejibu swali la vijiti vya kaboni.

Njia zote mbili ni kazi ya kila siku katika viwanda vya shaba. Anodi ya shaba chafu huyeyushwa na umeme ili shaba safi itue kathodi. Katika migodi ya kusini mwa Kongo, kama ile ya Kolwezi, shaba iliyokwisha kutolewa kwenye mawe kwa asidi huvunwa kwa anodi za risasi zisizoyeyuka. Huko oksijeni hutoka kama ilivyotoka kwenye kijiti cha kaboni, na asidi ya salfuriki inayobaki hurudishwa kuyeyusha mawe mengine.