Ni Tatu au Nane? Kusoma Picha ya Karatasi Isiyosomeka

Tuseme umekodi majaruba ya mpunga Chimala kwa msimu mmoja. Mapatano yameandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari, mashahidi wamesaini, na ndugu yako ameipiga picha jioni kwa mwanga wa taa ya sola. Inakufikia Mbeya kwa WhatsApp ikiwa giza, herufi zimevurugika. Kodi ni 300,000 au 800,000?

Kwanza tambua picha imeharibika vipi. Itazame mistari ya daftari. Ikiwa imebaki myembamba na safi, lakini miguu iliyosimama ya herufi kama t na l imepanuka, basi simu ilitikisika kwenda kando. Ikiwa mistari na herufi vyote vimefifia sawasawa, na nukta imekuwa kiduara, kamera haikulenga vizuri. Giza nalo ndilo huzaa mtikisiko: mwanga ukiwa haba, simu huacha kamera ikipokea mwanga kwa muda mrefu zaidi, na mkono hautulii muda wote huo.

Giza lenyewe hupungua ukiongeza mwanga kwenye programu ya picha, mradi una picha halisi. WhatsApp hubana picha ili iwe nyepesi, na katika kubana hutupa tofauti ndogo za weusi, ambamo wino hafifu ulikuwa umejificha. Ukiing'arisha picha iliyobanwa, mara nyingi utaona vijiraba badala ya maandishi. Mwambie ndugu yako atume tena ileile, safari hii kwa kuchagua Document.

Turudi kwenye kodi. Simu ikitikisika kwenda kando, uwazi wa kushoto wa tarakimu 3 huzibwa na wino uliosambaa, nayo hufanana na 8. Hapo tarakimu haiaminiki tena. Tafuta kiasi kilichoandikwa kwa maneno. Mtikisiko wa kando hupanua herufi lakini haupunguzi urefu wake: "tatu" ina t mbili zinazochomoza juu, ilhali "nane" imelala yote kimo kimoja. Ukiona vichwa viwili vimechomoza, una sababu ya kudhani ni laki tatu. Hata hivyo hiyo ni dhana, usilipe kwa kuitegemea. Programu za kunoa picha nazo hukoleza kingo zilizopo tu. Uwazi uliozibwa hazina pa kuutoa.

Karatasi ingalipo, ipigwe upya mchana. Iwekwe mezani karibu na dirisha, mwanga utokee ubavuni ili kivuli cha simu kisiiangukie. Mpigaji aegemeze viwiko mezani, aguse maandishi kwenye kioo ili kamera ilenge hapo, kisha apige. Kabla hajaondoka mezani, aikuze picha na kuisoma tarakimu ya kodi kwa sauti.