Pilau ya watu wanne ukiipikia kumi, au ukiipikia mmoja: nini uzidishe na nini usizidishe

Una kipimo cha pilau kinachokubali kila siku kwa watu wanne. Jumamosi wanakuja wageni, mko kumi. Unachukua kila kitu unazidisha mara mbili na nusu: mchele, nyama, vitunguu, maji, chumvi. Mwisho wake unapakua kitu kinachokaribia kuwa bokoboko. Wiki inayofuata uko peke yako nyumbani, unagawa kila kitu kwa nne, na safari hii mchele una kiini na chini umeungua. Hesabu ilikuwa sahihi mara zote mbili. Shida ni kwamba sufuria na moto navyo ni sehemu ya kipimo, ila hakuna anayeviandika.

Twende na mfano mmoja mpaka mwisho. Kipimo chetu cha watu wanne ni hiki: mchele gramu 500 (vikombe viwili na nusu, kikombe cha mililita 250), nyama ya ng'ombe gramu 500, vitunguu maji vitatu vya wastani, mafuta nusu kikombe, supu ya ile nyama vikombe 4, chumvi gramu 15, ambayo ni kama vijiko viwili na nusu vya chai, pamoja na bizari nyembamba, iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga. Sufuria ina kipenyo cha sentimita 22.

Tuanze na maji, maana ndiyo yanayoharibu pilau nyingi kuliko kitu kingine. Vile vikombe 4 vya supu vina kazi mbili tofauti. Sehemu moja inaingia ndani ya punje na kubaki humo. Mchele unanyonya maji karibu sawa na ujazo wake, kwa hiyo vikombe viwili na nusu vya mchele vinachukua karibu vikombe viwili na nusu vya supu. Kikombe kimoja na nusu kilichobaki hakiingii popote. Kinatoka kama mvuke wakati sufuria inachemka, kabla hujafunika na kupunguza moto.

Sasa angalia. Sehemu ya kwanza inafuata mchele: mchele ukizidi mara mbili na nusu, nayo inazidi hivyohivyo. Sehemu ya pili haina habari na mchele wako. Yenyewe inafuata upana wa mdomo wa sufuria, nguvu ya moto na muda unaochemsha. Ukizidisha vikombe 4 vyote kwa 2.5 unapata 10, lakini umezidisha mvuke pia, na mvuke haukuongezeka kiasi hicho.

Tuseme kwa ajili ya wageni umechukua sufuria ya sentimita 30 na umeweka moto mpana unaolingana nayo. Eneo la mdomo linakwenda na kipenyo mara kipenyo. Sufuria ya 22 ina mdomo wa sentimita za mraba kama 380, ya 30 ina kama 707. Hiyo ni mara 1.86, haifiki 2.5. Mvuke basi utakuwa 1.5 mara 1.86, karibu vikombe 2.8. Ongeza vikombe 6.25 ambavyo mchele utanyonya, unapata vikombe 9. Hesabu ya kuzidisha tu ilikupa 10. Kile kikombe kimoja cha ziada ndicho kinachobaki kati ya punje na kuzipasua.

Kwa mtu mmoja mambo yanageuka. Mchele ni gramu 125, yaani zaidi kidogo ya nusu kikombe. Kugawa kwa nne kunakupa kikombe 1 cha supu. Ila kama umepika kwenye sufuria ileile ya 22 na moto uleule, mvuke bado ni kikombe kimoja na nusu! Supu yote inaondoka kabla punje hazijashiba. Hata ukichukua kisufuria cha sentimita 14, mdomo wake ni mara 0.4 ya ule wa mwanzo, mvuke ni kikombe 0.6, na jumla inakuwa kikombe kimoja na robo. Hiyo robo inaonekana ndogo, lakini kwa mchele wa mtu mmoja ndiyo tofauti ya punje iliyoiva na punje yenye kiini.

Hizi namba ni za kuanzia. Mchele wa zamani unataka maji zaidi kuliko mchele mpya, na mfuniko usiokaa vizuri unatoa mvuke muda wote. Kama unataka namba ya sufuria yako mwenyewe, weka maji lita moja, yachemke kwa namna na muda unaochemsha pilau siku zote, kisha pima yaliyobaki. Kilichopungua ndicho mvuke wako. Ukishakijua, kipimo cha maji kwa idadi yoyote ya watu ni ujazo wa mchele ukijumlisha hicho.

Kuna njia ya mkato nayo ni kuchagua sufuria itakayoacha kina cha chakula kilevile. Zidisha kipenyo kwa kipeuo cha pili cha idadi uliyozidisha. Kwa kumi, kipeuo cha pili cha 2.5 ni karibu 1.6, kwa hiyo sufuria ya sentimita 35. Kwa mmoja unahitaji nusu ya kipenyo, sentimita 11, ambayo ni kama kikombe kikubwa cha bati. Ukiipata ya 35 na jiko la kuijaza moto chini yote, unaweza kuzidisha kila kitu kwa 2.5 na ukawa salama. Wengi wetu hatuna jiko hilo, ndiyo maana hesabu ya mvuke inabaki na kazi.

Chumvi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Utasikia wanasema ukipikia watu wengi punguza chumvi. Kwenye pilau sioni sababu. Chumvi haitoki na mvuke, yote inabaki ndani ya chakula, kwa hiyo inafuata chakula: gramu 15 mara 2.5 ni 37 hivi. Ushauri ule nadhani umetoka kwenye mchuzi. Huko chumvi inakaa kwenye rojo, na ladha inategemea rojo limekauka kiasi gani. Mchuzi wa sufuria kubwa unakauka polepole; ukiukolea mapema ukiwa bado mwepesi, ukija kuwa mzito umeshakuwa chumvi tupu. Kwenye pilau cha kuangalia ni supu. Kama nyama ulishaichemsha na chumvi, hiyo ihesabu humohumo kwenye zile gramu 37, na kumbuka ukimwaga supu iliyozidi umemwaga na chumvi yake.

Kwa mtu mmoja hatari ni kijiko. Gramu 3.75 ni kama theluthi mbili za kijiko cha chai. Ukikosea kwa nusu kijiko kwenye pilau ya watu kumi, umekosea chini ya sehemu moja kwa kumi na hakuna atakayejua. Kosa hilohilo kwenye pilau ya mmoja ni zaidi ya theluthi mbili ya chumvi yote.

Viungo vizima vina tatizo la aina yake: huwezi kugawa karafuu moja kwa nne. Kwa mtu mmoja saga mchanganyiko wako wote pamoja, kisha chota sehemu ndogo. Hapo uwiano wa iliki na karafuu unabaki kama ulivyokuwa. Kwa kumi, bizari nyembamba iliyosagwa mimi naizidisha moja kwa moja. Karafuu na mdalasini mzima naanza na mara mbili, kwa sababu vinaendelea kutoa ladha kadiri vinavyokaa kwenye moto, na sufuria kubwa inakaa na moto muda mrefu zaidi. Ladha ikipungua unaweza kuongeza unga kidogo. Karafuu ikizidi hakuna cha kufanya.

Tukija kwenye muda, swali la kujiuliza kila hatua ni hili: hapa tunasubiri moto uingie ndani ya kipande, au tunasubiri maji yaondoke kwenye sufuria? Nyama ni ya kundi la kwanza. Kipande cha sentimita tatu kinaiva kwa muda uleule kikiwa kumi au hamsini, mradi vyote viko ndani ya maji yanayochemka. Kinachobadilika ni muda wa kufikia kuchemka, kwa hiyo anza kuhesabu dakika pale mapovu yanapoanza, sio pale ulipowasha jiko.

Vitunguu ni kundi la pili, na hapa ndipo wapishi wa wageni wanapokata tamaa mapema. Rangi ya pilau inatoka kwenye vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa kahawia. Rangi hiyo ni mmenyuko wa Maillard, uliopewa jina la mwanakemia Mfaransa aliyeueleza mwaka 1912, na unahitaji joto lililopita sana nyuzi 100. Kitunguu ni maji karibu sehemu tisa kwa kumi. Maji hayo yakiwa bado yapo, joto haliwezi kupanda juu ya kuchemka; vitunguu vinatokota tu. Vitunguu vitatu vinamaliza maji yao haraka. Saba na nusu kwenye jiko lilelile vina maji mara mbili na nusu, na moto ni uleule, basi na muda nao ni karibu mara mbili na nusu. Ukiangalia saa yako ya zamani utatia nyama kwenye vitunguu vyeupe na pilau itatoka ya njano hafifu. Sikiliza: mlio wa kuchemka mzito ukipungua na mafuta yakaanza kuonekana pembeni, maji yamekwisha na rangi inakuja ndani ya dakika chache. Au kaanga kwa mafungu mawili. Mafuta nayo yanafuata upana wa chini ya sufuria, kwa hiyo anza na mara 1.9 hivi badala ya 2.5.

Kwa mmoja ni kinyume. Robo tatu ya kitunguu inaungua wakati unatafuta mwiko. Punguza moto.

Mchele wenyewe unaiva kwa muda wa punje, dakika kama 20 tangu supu ichemke tena. Kwa pilau kubwa hakikisha supu inachemka kwa nguvu kabla ya kutia mchele, maana kilo na robo ya mchele wa baridi inaishusha joto, na punje zikikaa kwenye maji ya vuguvugu zinalainika nje kabla ya ndani. Halafu kuna kina. Kwenye sufuria ya 30 chakula cha kumi kinafika sentimita 7 hivi, wakati cha wanne kwenye ya 22 kilikuwa kama 5. Moto unatoka chini tu, kwa hiyo juu kunachelewa huku chini kunaungua. Makaa juu ya mfuniko yanatatua hilo kabisa. Kwenye gesi, geuza mara moja kwa upole maji yakishakauka juu, funika, moto mdogo kabisa. Bana punje ya juu kwa vidole: ukiona doa jeupe katikati, nyunyizia supu ya moto robo kikombe na ufunike tena dakika tano.

Ukishazima jiko, sufuria ya watu kumi inaendelea kupika yenyewe kwa muda mrefu, hivyo izime punje zikiwa zimebakiza kidogo sana. Kile kisufuria cha mtu mmoja kinapoa upesi. Subiri punje ziive kabisa ndipo uzime, kisha kifunike na taulo.