Pumzi Inapokata Ghafla na Kifua Kinasikika Kizima

Tumchukulie mama wa miaka 46 aliyetolewa kizazi siku 12 zilizopita kwa sababu ya uvimbe. Kidonda kinapona vizuri, ila maumivu yamemfanya alale muda mwingi. Asubuhi anatoka msalani, ghafla pumzi inambana, na upande mmoja wa kifua unachoma kila anapovuta hewa. Hospitalini mapigo ya moyo ni 112 kwa dakika, oksijeni ni asilimia 90, homa hana. Daktari anamsikiliza kifua: hewa inaingia pande zote mbili, bila mlio wa pumu wala wa nimonia. Picha ya eksirei nayo haionyeshi tatizo.

Kifua kama hicho kisituliwaze. Mapafu hupokea hewa na hupokea damu. Hapa hewa inafika, damu ndiyo haifiki, kwa kuwa bonge la damu iliyoganda limeziba ateri ya mapafu au matawi yake. Mara nyingi bonge hilo limetokea ndani ya mshipa wa kina wa mguu au nyonga, likang'oka, likapanda na damu hadi upande wa kulia wa moyo, kisha likasukumwa mapafuni. Likiwa kubwa, upande huo wa moyo unalemewa na presha inashuka. Mgonjwa anaweza kuzirai, hata kufa, ndani ya muda mfupi sana.

Damu huganda mishipani inapotuama, mshipa unapojeruhiwa, au damu yenyewe inapokuwa rahisi kuganda. Upasuaji mkubwa huweza kuleta yote matatu kwa pamoja. Hatari hupanda pia kwa mjamzito na zaidi katika wiki 6 baada ya kujifungua, kwa mwenye saratani, aliyevunjika nyonga au mguu, anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, na aliyewahi kugandiwa damu. Kwa hospitali zetu ni lazima nitaje pia kifua kikuu, VVU na selimundu. Wagonjwa hawa wakikosa pumzi, ni rahisi mno kuulaumu ugonjwa ambao tayari unajulikana na kuacha kutafuta mwingine.

Kabla ya kuagiza kipimo, daktari hujiuliza: uwezekano ni mkubwa kiasi gani? Njia inayotumika sana ni alama za Wells, zilizobuniwa Kanada na daktari Philip Wells na wenzake. Mama yetu anapata 1.5 kwa upasuaji wa ndani ya wiki 4, na 1.5 kwa mapigo yaliyozidi 100. Anapata nyingine 3 kwa sababu hakuna ugonjwa mwingine unaoeleza hali yake vizuri zaidi. Jumla ni 6. Mguu uliovimba na kuuma ungemwongezea 3. Miguu yake ni ya kawaida, na hilo halimwondolei shaka. Zaidi ya 4, ugonjwa huhesabiwa kuwa na uwezekano mkubwa.

Hesabu hii ndiyo inayoamua kipimo, na hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Kuna kipimo cha damu ambacho fomu ya maabara hukiandika D-dimer. Kinapima vipande vinavyobaki mwili unapoyeyusha bonge. Kwa kijana mwenye alama 0, jibu lililo chini ya 500 kwa nanogramu kwa mililita linatosha kumaliza shaka. Kwa mama huyu kipimo hicho hakifai. Kikipanda, huenda ni kidonda tu, kwa maana upasuaji, mimba, maambukizi na uzee vyote hukipandisha. Kikiwa chini, uwezekano wake ni mkubwa mno kwa jibu hilo kuaminika.

Anayestahili kufanyiwa ni siti skani ya mishipa ya mapafu. Dawa ya rangi huchomwa mkononi, na palipoziba huonekana kama pengo ndani ya ateri iliyong'aa. Mwenye figo dhaifu au mzio wa dawa hiyo anaweza kupigwa picha ya nyuklia inayolinganisha mtawanyiko wa hewa na wa damu mapafuni. Kipimo cha umeme wa moyo hufanywa pia, lakini kikiwa cha kawaida hakiondoi ugonjwa. Shaka ikiwa kubwa, dawa ya kuzuia damu kuganda huanzishwa bila kungoja picha, baada ya kupima hatari ya kidonda kuvuja damu.

Pasipo na siti skani, ultrasaundi ya miguu inasaidia sana: mshipa wa kina wa paja usiobonyea chini ya kifaa una bonge, na kwa mgonjwa mwenye dalili hizi hiyo inatosha kuendelea na tiba. Isipoonyesha kitu, shaka inabaki palepale, kwa sababu huenda bonge lote limeshahamia kifuani. Na ikiwa presha imeshaporomoka, mgonjwa hapelekwi kwenye mashine. Ultrasaundi ya moyo hufanyiwa kitandani pake, na upande wa kulia uliotanuka humpa daktari sababu ya kufikiria dawa ya kuyeyusha bonge, ingawa kwa aliyepasuliwa majuzi dawa hiyo inaweza kumtoa damu nyingi.