Mtoto Mwenye Macho Yanayochezacheza Asinyooshwe Kichwa

Mvulana wa miaka tisa aliletwa kliniki na mama yake kwa sababu kila siku mwalimu alimkemea akae sawa. Tangu akiwa na miezi mitatu macho yake yalichezacheza kushoto na kulia bila hiari yake, hali iitwayo nistagmasi. Kila alipotazama ubao, aligeuza uso kushoto na kuyaelekeza macho kulia.

Hakuwa mtundu. Katika nistagmasi ya utotoni, mara nyingi kuna upande mmoja ambako macho hutulia zaidi, na mtoto hugeuza kichwa ili aupate. Tulipomnyoosha kichwa, alisoma mistari mitatu ya chati; tulipomwachia ageuke, alisoma mitano. Tulianza kumpima macho yote mawili yakiwa wazi, kwani kuziba jicho moja huweza kuzidisha mtikisiko.

Kitabu alikishika karibu na pua, jambo lisilodhuru: macho yanapotazama karibu, mtikisiko mara nyingi hupungua. Miwani ilimwongezea uoni, ila haikuutuliza mtikisiko. Tukamwandikia mwalimu kwamba mtoto akae mbele, upande wa kushoto wa darasa, ili ubao uwe kuliani kwake. Awe na kitabu chake peke yake. Na aongezewe muda wa mtihani, maana macho yake huchelewa kulipata neno.

Mtoto huyu haoni dunia ikitikisika. Anayeanza kuiona hivyo ukubwani apewe rufaa haraka, kwa kuwa huenda chanzo kikawa kwenye ubongo au sikio la ndani.