Kodi ya pango inayofuata mauzo

Katika maduka makubwa ya Dar es Salaam, mpangaji hukabidhiwa chumba kitupu, akaweka mwenyewe rafu, taa na kaunta. Kwa hiyo mkataba humpa muda wa matengenezo bila kodi, mathalani miezi miwili. Muda huo uhesabiwe tangu siku ya kupokea funguo. Ukianzia kwenye saini, funguo zikichelewa humalizika fundi hajaingia. Gharama za ulinzi na usafi huenda zikadaiwa hata hivyo.

Baada ya hapo hufuata kodi ya msingi, tuseme shilingi 600,000 kwa mwezi, pamoja na asilimia 6 ya mauzo yanayozidi milioni 10. Kiwango hicho hupatikana kwa kugawa 600,000 kwa 0.06. Duka likiuza milioni 14 Desemba, nyongeza ni 240,000. Januari likiuza milioni 7, hakuna nyongeza, lakini ya Desemba hairudi. Miezi hiyo ikijumlishwa, ziada ni milioni 1 tu na nyongeza 60,000. Mwenye biashara ya msimu adai hesabu ya mwaka mzima, na mauzo yahesabiwe bila VAT wala bidhaa zilizorudishwa.