Pitisha Umeme, Zuia Joto

Anayewasha oveni ya gesi hushikilia kitufe kwa sekunde kadhaa hata baada ya moto kushika. Akikiachia mapema, moto huzimika. Wengi hudhani ni ubovu wa oveni, kumbe ndivyo ilivyoundwa. Kando ya kichomeo kuna kijiti chembamba cha metali kiitwacho themokapo, kilichowekwa ili moto ukilambe. Kikishapata joto, huzalisha umeme wa milivolti 20 hadi 30 hivi, na umeme huo mdogo hutosha kushikilia sumaku inayoacha vali ya gesi wazi. Upepo ukizima moto, kijiti hupoa, sumaku huachia na gesi hujifunga. Kazi hiyo yote inafanyika bila betri, bila waya wa ukutani na bila kifaa kinachozunguka.

Kwa nini basi tusipate umeme wa nyumba nzima kwa njia hiyo, ilhali joto limejaa kwenye majiko, injini na mabomba ya moshi viwandani? Jibu limo ndani ya mali ghafi yenyewe. Mali ghafi hiyo inatakiwa kupitisha umeme vizuri na wakati huohuo kuzuia joto, na kwa kawaida vitu hivyo viwili huandamana.

Volti kwa kila nyuzi

Mwaka 1821, mjini Berlin, Thomas Johann Seebeck aliunganisha metali mbili tofauti zikafanya duara, akapasha joto kiungo kimoja, na sindano ya dira iliyokuwa karibu ikageuka. Yeye aliamini kwamba joto limezaa usumaku. Hans Christian Ørsted wa Denmark ndiye aliyeeleza kuwa ni mkondo wa umeme unaozunguka katika duara hilo, na kwamba usumaku ni matokeo ya mkondo.

Sababu yake ni hii. Ndani ya kipande cha metali kuna elektroni zilizo huru kutembea. Ukipasha joto ncha moja, elektroni za upande huo hupata nguvu zaidi na nyingi husambaa kuelekea ncha ya baridi. Chaji hasi hujilimbikiza huko hadi zianze kusukuma nyuma zile zinazokuja. Msukumo huo ndio volti tunayoipima. Kiasi cha volti kinachopatikana kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto kati ya ncha mbili huitwa kizigeu cha Seebeck, na huandikwa kwa herufi S.

Kwa shaba, S haifiki mikrovolti 2 kwa kila nyuzi, yaani sehemu mbili za milioni za volti moja. Kwa teluridi ya bismathi, ambayo ndiyo mali ghafi inayotumika zaidi kwenye joto la kawaida, ni mikrovolti 200 hivi. Yenyewe si metali kamili. Ni nusu-kipitishi, kama silikoni ya paneli za sola. Inaweza kutengenezwa kwa namna mbili: moja ambamo elektroni hasi ndizo zinazobeba umeme, na nyingine ambamo nafasi zilizoachwa wazi na elektroni hutembea kana kwamba ni chaji chanya. Ukiunganisha aina hizo mbili kwa zamu, volti zao hujumlishwa.

Chukua kigae cha kawaida cha kuzalisha umeme kwa joto, chenye upana wa sentimita 4 kila upande. Kati ya bamba zake mbili za kauri kuna jozi 127 za vijiguzo, yaani vijiguzo 254, kila kimoja kikiwa na urefu wa milimita moja na nusu hivi. Upande mmoja ukiwa na nyuzi 130 za Selsiasi na mwingine 30, tofauti ni nyuzi 100. Zidisha 254 kwa mikrovolti 200, kisha kwa 100, utapata volti 5.

Volti peke yake haitoshi

Volti 5 zinapendeza, lakini kuwasha taa kunahitaji pia mkondo. Vijiguzo vikipitisha umeme kwa shida, nguvu inayozalishwa hupotea humohumo ndani na kugeuka tena kuwa joto. Hilo ndilo sharti la kwanza: mali ghafi ipitishe umeme vizuri.

Sharti la pili linatokana na umbali wenyewe. Upande wa moto na upande wa baridi vimetenganishwa na milimita moja na nusu tu. Ili tofauti ya nyuzi 100 idumu kwenye kigae chetu, joto la wati 50 hivi hupenya ndani ya vijiguzo vya teluridi ya bismathi likielekea upande wa baridi, hata kabla hatujachukua umeme wowote. Weka shaba mahali pake, na joto litakalopenya ni zaidi ya wati 13,000. Hakuna jiko la kawaida litakaloweza kulisha upande wa moto kwa kasi hiyo, wala mapezi ya kupoza yatakayoweza kuliondoa upande wa pili. Nyuso zote mbili zitakuwa na joto karibu sawa, na volti itatoweka. Joto linalopita bila kusukuma elektroni ni hasara tupu.

Mjerumani Edmund Altenkirch aliyaweka masharti haya pamoja kwenye hesabu kati ya mwaka 1909 na 1911. Leo wataalamu huyaandika kwa kipimo kimoja cha ubora:

zT = S²σT/κ

Herufi σ ni uwezo wa kupitisha umeme, κ ni uwezo wa kupitisha joto, na T ni halijoto kwa kipimo cha Kelvini. Vinavyosaidia viko juu ya mstari. Kinachodhuru kiko chini. S imezidishwa kwa yenyewe, kwa hiyo ikiongezeka maradufu, ubora huongezeka mara nne. Kwenye joto la chumba, shaba hupata zT ya 0.00015 hivi. Kioo huzuia joto vizuri, lakini kwa kuwa hakipitishi umeme, zT yake ni kama sifuri. Teluridi ya bismathi hupata karibu 0.8. Kwa ubora huo, kigae chetu kikipokea jumla ya wati 75 za joto kinaweza kutoa wati 3 hivi za umeme, yaani asilimia 4. Katika matumizi halisi hupungua zaidi, kwa sababu viungo vya risasi na bamba za kauri navyo hula sehemu ya tofauti ya joto.

Mahali penye ugumu

Mwaka 1853, Gustav Wiedemann na Rudolph Franz waligundua kwamba metali inayopitisha umeme vizuri hupitisha na joto vizuri, kwa uwiano unaokaribiana kutoka metali moja hadi nyingine. Haishangazi, kwani elektroni ileile inayobeba chaji hubeba na joto lake. Ukiongeza elektroni ili umeme upite, umeongeza pia wabebaji wa joto. Tena, elektroni zikizidi, S hushuka. Kwa hiyo hatuwezi kupandisha kila kitu kwa pamoja. Inabidi tutafute mahali pa kati, na mahali hapo ni penye wabebaji wachache kuliko metali kwa mara elfu moja na zaidi. Ndiyo maana Abram Ioffe wa Leningrad alizielekeza tafiti kwenye nusu-vipitishi, na mwaka 1954 Julian Goldsmid, akiwa Uingereza, akaonyesha ubora wa teluridi ya bismathi.

Lakini umebaki mlango mmoja. Joto halibebwi na elektroni peke yake. Atomu zenyewe hutetemeka, na mtetemo huo husafiri ndani ya fuwele kama mawimbi. Mtetemo haubebi chaji yoyote, kwa hiyo tunaweza kuuzuia bila kuudhuru umeme moja kwa moja. Kinachotakiwa ni fuwele inayofanya kazi kama chekecheke: elektroni zipite, mitetemo ibaki.

Njia ya kwanza ni kutumia atomu nzito zilizoshikana kwa ulegevu, na bismathi na teluri zina sifa hiyo. Ya pili ni kuchanganya atomu za uzito tofauti, kwa mfano kubadilisha sehemu ya bismathi kwa antimoni, ili wimbi la mtetemo likutane na vizuizi kila hatua. Ya tatu ni kusaga fuwele ziwe unga laini mno, kisha kuugandamiza kwa joto, ili pawe na mipaka mingi kati ya chembe. Mitetemo mingi inayobeba joto husafiri mbali zaidi kuliko elektroni kabla ya kugonga kitu, kwa hiyo mipaka hiyo huikwaza zaidi. Hata hivyo elektroni nazo hupata taabu kidogo, na mtafiti asiyepima vyote viwili anaweza kushangilia κ iliyoshuka huku σ imeshuka pamoja nayo.

Namna ya kugundua kosa

Kwa kuwa zT hujengwa kwa vipimo kadhaa, makosa madogo hukusanyika. Kosa la asilimia 5 katika S hugeuka asilimia 10 katika S². Kosa baya zaidi linahusu mwelekeo. Fuwele ya teluridi ya bismathi imepangwa kwa matabaka, na hupitisha umeme na joto kwa urahisi zaidi sambamba na matabaka kuliko kuyakata. Anayepima umeme kwa upande mmoja na joto kwa upande mwingine atapata ubora ambao haupo. Kinga mojawapo ni kukadiria joto linalobebwa na elektroni peke yake kutokana na σ. Jumla ya κ iliyopimwa ikiwa ndogo kuliko makadirio hayo, kuna kipimo cha kutiliwa shaka.

Mjadala mkubwa ulizuka mwaka 2014, kundi la Mercouri Kanatzidis wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, lilipotangaza zT ya 2.6 kwa fuwele moja ya selenidi ya bati, kwenye joto la Kelvini 923. Vipande vilivyotengenezwa kwa unga wa kitu hichohicho vilikuwa vikipitisha joto zaidi, kinyume cha matarajio, kwa kuwa mipaka ya chembe ingepaswa kulizuia. Jibu lililochapishwa mwaka 2021 lilikuwa kutu: utando wa oksidi ya bati juu ya chembe ulikuwa ukilipitisha joto. Uliposafishwa, vipande vya unga vilifikia zT ya 3.1 hivi.

Kipimo cha maabara bado si kifaa cha sokoni. Vigae vinavyouzwa hubaki karibu na 1, na kazi yake inayofaa ni pale joto lipo tayari na fundi hawezi kufika. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, huendeshwa kwa joto la plutoni linalopita katika silikoni na jemaniamu. Gari la Curiosity, lililotua Mirihi mwaka 2012, lilianza na joto la wati 2,000 hivi na kupata umeme wa wati 110.

Basi ukiuziwa kigae cha kugeuza joto la jiko kuwa umeme, usiishie kuuliza kinatoa volti ngapi. Uliza wati zake zilipimwa kwa tofauti ya nyuzi ngapi, na upande wa baridi utapozwa na nini. Muuzaji asiyeweza kujibu la pili anakuuzia nusu ya mtambo.