Kwa Nini Betri za Sola Hazizeeki Pamoja

Betri zikishafungwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zote hulazimika kuonyesha karibu volti ileile. Kioo cha inveta kikiandika 25.2, namba hiyo ni ya benki nzima. Haikuambii betri ipi imefanya kazi usiku kucha na ipi imekaa tu, wala ipi imeshiba na ipi ina njaa ya miezi sita. Ndiyo maana wenye sola wengi hushtuka siku benki inapokufa: wakipima kila betri peke yake wanakuta moja imekwisha kabisa, ya pili iko hoi, na mbili za mwisho zimeganda salfeti, ingawa zote zilinunuliwa siku moja kwenye duka moja.

Tuchukue zahanati ya kijijini yenye mfumo wa volti 24. Fundi ameleta betri nane za volti 12, Ah 200 kila moja, zile zinazojulikana kama N200. Amezifunga mbili mbili kwa mfululizo ili kupata volti 24, akapata safu nne. Kisha safu hizo ameziunganisha sambamba kwa waya vipande vipande: kutoka safu ya kwanza kwenda ya pili, ya pili kwenda ya tatu, ya tatu kwenda ya nne. Waya mbili nene za inveta amezifunga zote kwenye safu ya kwanza, kwa sababu ndiyo iliyo karibu na ukuta. Kwa macho kazi ni safi, na siku ya kwanza kila kitu kinawaka.

Tatizo liko kwenye ukinzani. Betri nzima ya ukubwa huo ina ukinzani wa ndani wa takriban miliomu 4, yaani sehemu nne za elfu za omu moja. Safu ya betri mbili, pamoja na waya unaoziunganisha, inafika kama miliomu 9. Sasa angalia waya wa shaba wa milimita za mraba 35: nusu mita yake pamoja na viungio vya ncha zote mbili ina takriban nusu miliomu. Ni kidogo sana, lakini betri nayo ni kidogo sana, na hapo ndipo mafundi wengi hukosea. Wanadhani waya mnene hauna ukinzani wa kuhesabika. Mbele ya taa ya wati 10 ni kweli hauna. Mbele ya betri yenye miliomu chache, unahesabika.

Kati ya safu moja na nyingine kuna kipande cha chanya na cha hasi, jumla miliomu 1. Umeme wa safu ya nne hupita hatua tatu za namna hiyo kabla ya kuifikia inveta, tena kwenye waya uleule unaobeba umeme wa safu za njiani. Umeme wa safu ya kwanza haupiti hata hatua moja. Inveta ikidai ampia 80, ukipiga hesabu kwa namba hizi, safu ya kwanza inatoa karibu 27, ya pili 21, ya tatu 17 na ya nne 15. Mgawo wa haki ungekuwa 20 kila moja. Safu ya kwanza inabeba zaidi ya mara moja na nusu ya mzigo wa safu ya nne, na haya yanatokea betri zikiwa mpya zote, bila kasoro yoyote ya kiwandani.

Ni kweli kwamba tofauti hii haidumu usiku kucha. Safu ya kwanza ikishuka, volti yake hupungua na zile za mbali huanza kuchangia zaidi. Mzigo ukiondolewa, safu zenye nguvu huichaji polepole ile iliyochoka, na alfajiri zote huwa zimekaribiana. Lakini kila mashine nzito inapowashwa, safu ya kwanza ndiyo hupigwa kwanza. Asubuhi jua likitoka, ndiyo pia hupokea umeme mwingi kuliko wenzake, hupata joto, hutoa gesi na kupoteza maji mapema. Bamba zake za chanya huliwa upesi zaidi.

Safu ya nne huzeeka kwa njia nyingine kabisa. Iko kama nyumba ya mwisho kwenye bomba la mtaa: maji huifika, ila kwa presha ndogo. Ingekuwa na saa za kutosha, ingejaa, maana ampia zikipungua mwishoni mwa chaji, upotevu kwenye waya nao hupungua hadi karibu sifuri. Lakini siku ya sola ni fupi, na chaja ikiona benki imefika volti iliyopangiwa, huhesabu saa mbili tatu kisha hushuka. Safu ya nne hubaki na upungufu kidogo leo, kesho vilevile. Salfeti ya risasi ambayo haikurudishwa kwenye asidi hukua na kuwa fuwele ngumu, ukinzani wa ndani hupanda, na kwa sababu umepanda, safu hiyo hupokea kidogo zaidi tena. Huu ni ugonjwa unaojilisha wenyewe.

Safu ya kwanza ikishachakaa, ukinzani wake nao hupanda na mzigo huhamia ya pili. Ndiyo maana benki za namna hii hufa kwa foleni. Na hapo mwenye mali hufanya jambo linaloonekana la busara: hununua betri mbili mpya na kuziweka mahali pa zile zilizokufa. Safu hiyo mpya ina ukinzani mdogo kuliko zote, kwa hiyo inabebeshwa kazi ya wazee watatu. Fedha hiyo huyeyuka ndani ya muda mfupi. Kwa maoni yangu ni afadhali kuondoa safu mbaya kabisa na kuishi na tatu, huku ukipunguza matumizi, hadi utakapoweza kubadili zote.

Hatari yenyewe huja chemba moja ikipiga shoti ndani. Safu ya volti 24 ina chemba 12. Chaja inayotoa volti 28.8 huipa kila chemba 2.4. Zikibaki 11, kila moja hupata 2.62, nazo huchemka. Na usiku, safu tatu nzima humimina umeme ndani ya ile mbovu. Betri ikivimba au ikiwa ya moto wakati jirani zake ni za baridi, usisubiri mtu akuthibitishie. Itenge. Kwa sababu hiyohiyo kila safu inastahili fyuzi yake.

Tiba ya bei nafuu ni kuhamisha waya mmoja. Chanya ya inveta ibaki safu ya kwanza, hasi ihamie safu ya nne. Kwa namba zilezile mgawo unakuwa 21, 19, 19 na 21. Bora zaidi ni kila safu kuwa na waya wake, wa urefu sawa na wa nyingine, hadi kwenye bamba moja la shaba la chanya na moja la hasi. Lakini mpangilio mzuri hauondoi tofauti za joto, za kiwanda na za viungio vilivyolegea, na ndiyo sababu watengenezaji wengi hushauri safu zisizidi tatu. Anayeanza upya angefanya vyema kununua chemba 12 za volti 2, Ah 800, akazifunga kwa mfululizo mmoja. Uwezo ni uleule, na umeme hauna pa kuchagua: kila chemba hupitisha ampia zilezile.

Kabla hujamlipa fundi malipo ya mwisho, mwombe awashe mzigo mkubwa, ashike mita ya klampu inayopima umeme wa DC, na apime waya wa kila safu mmoja baada ya mwingine. Andika namba hizo ukutani pamoja na tarehe. Rudia kila baada ya miezi mitatu, na kwa betri za maji pima pia kila chemba kwa haidromita. Safu moja ikipishana na nyingine kwa zaidi ya robo, kaza na usafishe viungio kwanza, kisha chunguza betri zenyewe.